Oveni ya bekari inapitiliza joto: nimebadilisha themostati mbili, kumbe sikuangalia hita

Koleo_Jekundu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi umeme hapa Tanga, kazi zangu ni mashine za kukandia unga, friza, oveni na vitu vya namna hiyo. Uzi huu nauleta kwa aibu kidogo, maana kuna mama mwenye bekari nimemuuzia themostati mbili ambazo hakuwa na shida nazo. Hela ya ile ya pili nimemrudishia. Ya kwanza naendelea kuilipa kwa kazi.

Oveni yenyewe ni ya kuchomelea, ya mafundi wa hapa hapa. Ina chumba kimoja kinachoingia mikate arobaini ya nusu kilo. Hita ni sita, tatu juu na tatu chini, umeme wa fezi tatu, na themostati moja ya zile za mrija mwembamba wenye kibalbu cha kuhisi joto mwishoni.

Malalamiko yalikuwa hivi. Alfajiri wanaweka 220. Taa nyekundu ikizima wanajua oveni iko tayari, wanaingiza trei. Mkate unatoka chini mweusi kama mkaa na katikati bado unanata. Mkupuo wa pili unatoka vizuri, wa tatu vizuri. Kesho yake alfajiri wa kwanza unaungua tena.

Nikaja na kipimajoto changu cha waya, nikapitisha ncha mlangoni mpaka katikati ya chumba, isiguse chuma. Taa ilizima kipimo kikisoma 229. Nikajisemea, haya, inadanganya digrii tisa, hilo dogo. Ila sikufunga boksi la vifaa, nilibaki nimesimama. Ikasoma 235. Ikasoma 240. Nikaweka mita kwenye hita, umeme hakuna, kontakta imeachia kabisa, na joto bado linapanda. Likaja kusimama 253, kama dakika nne baada ya taa kuzima. Baada ya hapo likashuka polepole, themostati ikawasha tena kwenye 209, na joto likaendelea kushuka hadi 204 ndipo likageuka.

Nikatoa hukumu: themostati mbovu. Nikaweka mpya, ikafika 252. Nikaweka nyingine ya bei zaidi, ikafika 254. Nitaendelea usiku, sasa hivi nimeitwa mahali.

Kijiko_Cha_Saba

Nimekaa siti ya mbele na maandazi yangu. Endelea mkuu.

Volti_Mtaa

Mleta uzi umeishia njiani lakini jibu liko wazi. Tatizo ni kibalbu. Angalia kimefungwa wapi. Mafundi wengi wa kuchomelea wanakiingiza ndani ya bomba la chuma ili trei zisikigonge, sasa lile bomba lazima lipate moto kwanza ndipo kibalbu kipate habari. Themostati inakata imechelewa. Toa bomba, kazi imekwisha, hakuna haja ya hadithi ndefu.

BintiWaKilindini

Na mimi naomba msaada hapo hapo kwa vile tunazungumzia hita. Oveni yangu ndogo ilikaa miezi miwili bila kuwashwa wakati wa mvua. Sasa nikiiwasha inakata swichi ya nyumba nzima. Hii pia ni themostati?

Koleo_Jekundu

@BintiWaKilindini dada yangu hiyo ni habari nyingine. Ndani ya hita kuna unga mweupe unaozunguka waya, na unga ule unavuta unyevu, hasa huko kwenu pwani. Umeme unavujia kwenye ganda, swichi ya usalama inakata. Mwite fundi apime uvujaji, azifungue zikaushwe kwa joto la chini. Tafadhali usiilazimishe ile swichi ibaki imewaka.

@Volti_Mtaa bomba lipo kweli, na nene. Ngoja nieleze nilichofanya, maana hata mimi nilianzia hapo hapo.

Siku ya tatu nilikwenda mchana, wamemaliza kuoka, nikaomba niachiwe oveni tupu. Nilikuwa nimechoka kubishana na themostati, nikaamua niiondoe kwenye kesi. Nikaifungulia mpaka mwisho ili isikate, nikasimama kwenye swichi kuu mwenyewe. Kipimo kiliposoma 180 kamili nikazima kwa mkono wangu. Hapo themostati haina kauli, kibalbu hakina kauli, bomba halina kauli. Umeme nimekata mimi.

Joto lilipanda mpaka 203.

Digrii 23 bila themostati kuhusika hata kidogo. Nikarudia kesho yake, nikazima kwenye 150, likafika 174. Nilikaa juu ya gunia la unga nikatazama ile namba kwa muda.

Mama mwenye bekari alipita na ndoo, akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia mama, nimezima lakini oveni inajipasha yenyewe. Akacheka. Akaniambia, "Mwanangu, wewe hujawahi kupikiwa kwa chungu? Sufuria ya bati ukiipua inanyamaza. Chungu ukikiipua kinaendelea kutokota pale chini kwenye kata, mchuzi wa nazi unakatika hivi hivi unaona. Ndiyo maana chungu kinaipuliwa mapema." Akaenda zake na ndoo yake.

Nikafungua mlango wa oveni, nikainama nikaangalia hita za chini. Dakika tatu tangu nizime, na kule nyuma kwenye giza hita hazina tena wekundu, ila moto wake bado unanipiga usoni.

Mzee_Tanuri

Hapo sasa umeliona. Nimefanya kazi na matanuri ya umeme miaka mingi, na swali hili la "nimezima mbona inapanda" ndilo lililonifanya nianze kusoma.

Oveni haipashwi na umeme moja kwa moja. Umeme unapasha waya ulio katikati ya hita, waya unapasha ule unga mweupe, unga unapasha ganda la chuma, ganda ndilo linatoa moto kwenda chumbani. Ili kilowati mbili zitoke kwenye kijiti kile chembamba, ganda lazima lifike karibu digrii 600. Chumba kiko 220, hita iko 600. Themostati inapokata, inakata umeme unaoingia kwenye hita. Moto ambao umekwisha kuingia ndani ya hita hauna pa kwenda ila chumbani.

Kijana, hita zako zina uzito gani na kila moja ni kilowati ngapi?

Koleo_Jekundu

Shikamoo mzee. Hapo ndipo hadithi inageuka.

Kilichokuwa kinanisumbua ni hiki: mama anasema oveni ilikuwa inaoka vizuri miaka yote, imeharibika tangu mwaka jana. Chungu hakibadiliki kuwa chungu mwaka jana. Nikamuuliza nini kilifanyika mwaka jana. Akasema hita mbili ziliungua, fundi mmoja akashauri zibadilishwe zote sita, ziwekwe "za nguvu zisizoungua haraka". Nikauliza za zamani ziko wapi. Bekari haitupi chuma, tukazikuta nne stoo nyuma ya magunia.

Nikachukua moja ya zamani na mpya moja ya akiba, nikaziweka kwenye mizani ya kupimia unga. Ya zamani gramu 540. Mpya gramu 1,180. Urefu ni ule ule, sentimita 240 ukiinyoosha. Tofauti ni unene: ya zamani milimita 8, mpya milimita 12. Kwenye shingo ya ile ya zamani imegongwa 1500W, kwenye mpya 2000W.

Kwa hiyo oveni ilitoka kilowati 9 ikawa 12, na uzito wa chuma chenye moto ndani yake ukawa zaidi ya mara mbili. Hakuna aliyegusa themostati. Ile ya kwanza kabisa niliyoitoa nikaitupa ilikuwa nzima.

Mzee_Tanuri

Marahaba. Hiyo mizani ya unga imekufanyia kazi kubwa.

Tupige hesabu ya mkono, tusitafute usahihi wa maabara. Hita ya namna hiyo, ukichanganya chuma na unga wake, kila kilo inabeba takriban kilojuli 0.65 kwa kila digrii. Yako ni kilo 1.18. Ikishuka kutoka karibu 580 mpaka 250, inatoa kama kilojuli 250. Zidisha kwa sita, ni kilojuli 1,500. Oveni yako ikiwaka yote inaingiza kilojuli 12 kila sekunde. Gawanya: sekunde 125.

Maana yake themostati ikikata, ni kama imeacha hita zote ziwake kwa nguvu zote dakika mbili zaidi. Zile za zamani, pamoja na kuwa nyembamba na zinapata moto zaidi kidogo, zilibaki na kama nusu ya mzigo huo.

Koleo_Jekundu

Mzee hesabu hiyo imenisaidia kuelewa kitu kingine nilichokuwa nimekiandika kwenye daftari bila kujua maana yake. Oveni tupu ikikaribia 220 inapanda digrii 9 kwa dakika. Ukichukua dakika mbili za hita, ukaongeza dakika moja ya @Volti_Mtaa ya kibalbu kwenye bomba, unapata kama dakika tatu. Tatu mara tisa ni 27 au 28. Mita inasema inapitiliza 33. Si mbali.

Kwa hita za zamani ilikuwa inapanda labda digrii 6 kwa dakika, na kuchelewa kwake hakufiki dakika mbili na nusu. Hiyo ni kama 15. Mwokaji aliizoea hiyo 15, mikate yake ilikuwa sawa, hakuna aliyejua kwamba kuna kitu kinapitiliza.

Zile digrii tano zinazobaki sijui nizipeleke wapi.

Mzee_Tanuri

Zipeleke kwenye mabati ya ndani yaliyo karibu na hita. Nayo yana joto kuliko hewa unayopima, na yanaendelea kulitoa. Tena hita haitoi moto kwa kasi moja hadi mwisho. Ikiwa nyekundu inatoa kwa fujo, ikipoa inatoa kwa kusitasita, kwa hiyo mkia wake ni mrefu kuliko hesabu yangu ya kugawanya. Usilazimishe namba zifanane.

Volti_Mtaa

Sawa, nakubali hita ina kesi, lakini msinifute kabisa. Mleta uzi mwenyewe kasema taa ilizima kwenye 229 wakati kaweka 220. Hizo tisa ni zangu.

Koleo_Jekundu

Ni zako, na nimezithibitisha. Niliogopa labda ni themostati kusoma vibaya, si kuchelewa. Njia ya kutofautisha ilikuwa kupasha polepole. Nikafungua waya za hita tatu, nikaacha tatu tu zinawaka. Oveni ikawa inapanda digrii 3 kwa dakika badala ya 9. Themostati ikakata kipimo kikiwa 223. Ingekuwa inasoma vibaya ingekata kwenye 229 vile vile, upashe haraka upashe polepole. Kosa limepungua na kasi, kwa hiyo ni kuchelewa.

Nimelitoboa lile bomba matundu mengi kwa drili ya milimita 8 ili hewa ya chumba ikiguse kibalbu chenyewe. Sikulitoa, maana vijana wa alfajiri wanasukuma trei kama wanashindana. Baada ya matundu, hita zote zikiwaka, inakata kwenye 225 badala ya 229. Faida digrii nne. Zilizobaki, 24 za juu yake, hazikusogea, ikafika 249.

Oka_Nakuru

Niaje wadau. Huku Nakuru mimi nilitoa hayo mambo ya kibalbu kabisa. Niliweka kidhibiti cha PID na swichi tatu za SSR, kila fezi yake. Kile kinaona joto linavyokimbia na kinaanza kupunguza stima kabla ya kufika. Nikaibonyeza ijipime yenyewe, sasa nikiweka 220 inakaa 218 mpaka 222. Kwa nini mnateseka na hesabu za chungu?

Koleo_Jekundu

@Oka_Nakuru kwa sababu mama alikuwa amekwisha kununua themostati mbili, sikuwa na uso wa kumwambia anunue cha tatu. Ila niulize kitu: alfajiri oveni ikiwa baridi kabisa, mara ya kwanza inapofika 220, haipitilizi?

Oka_Nakuru

Hiyo ya kwanza inaenda 234 hivi alafu inarudi. Baada ya hapo iko poa. Nilidhani ni kawaida.

Mzee_Tanuri

Mara nyingi hutokea hivyo. Kidhibiti hicho kina sehemu inayojumlisha upungufu. Nusu saa nzima oveni iko chini ya 220, yeye anajumlisha tu. Ikifika 220 ameshajaa deni kichwani, hataki kuachia umeme mpaka deni lipungue. Vizuri zaidi vinaanza kujumlisha vikishakaribia namba uliyoweka. Angalia pia kilijipima oveni ikiwa tupu au ina mikate. Tupu na iliyojaa ni oveni mbili tofauti.

Na bwana Oka, una kikata joto cha usalama pembeni, cha kurudisha kwa mkono? SSR ikifa mara nyingi inakufa ikiwa imeshika. Kidhibiti kitaamuru zima, nayo haitazima.

Oka_Nakuru

Sina. Nimeanza kuogopa sasa. Kwanza moja imekuwa moto sana hata kugusa siwezi.

Koleo_Jekundu

Ifunge kwenye bati nene la alumini lenye mapezi, hewa ipite. Kama inavuta ampea 17 hivi kila fezi, kila SSR inatoa kama wati 20 za moto wakati wote inaposhika. Na hicho kikata joto usingoje mwisho wa mwezi.

MamaBoflo

Jamani mimi naoka tu, sijui haya ya kilojuli. Lakini hili la mkupuo wa kwanza kuungua tulishalijua zamani. Sisi hatuingizi mkate taa ikizima mara ya kwanza. Tunaiacha izime, iwake, izime tena. Hiyo ya pili ndiyo tunaingiza. Au tunaweka 190 kwanza, ikitulia tunaipandisha 220. Mafundi mngetuuliza.

Na mbona mkupuo wa pili hauungui? Hiyo hamjaisema.

Koleo_Jekundu

Mama hapo umenipiga sawasawa. Kusubiri taa ya pili kunasaidia, kwangu kilele cha pili kilikuwa 247 na cha tatu 246, si 253. Hita inakuwa haikupata muda wa kuwaka mfululizo kama alfajiri. Lile la 190 kwanza ni zuri zaidi, kwa sababu kutoka 190 kwenda 220 safari ni fupi, hita hazijai moto.

Kuhusu mkupuo wa pili, nadhani ni mikate yenyewe. Mzee atanisahihisha.

Mzee_Tanuri

Ni mikate. Kilo ishirini za unga uliokandwa, kuzipasha na kukausha zile kilo mbili za maji zinazotoka kama mvuke, kunakula kama kilowati tano au sita kwa dakika 25 zote. Kwa hiyo oveni iliyokuwa ikipanda digrii 9 kwa dakika sasa inapanda tatu au nne tu. Themostati ikikata, moto uliobaki kwenye hita unaenda kwenye mikate badala ya kwenda hewani. Na kati ya mikupuo oveni haipati nafasi ya kukimbia tupu.

Mkupuo wa kwanza una bahati mbaya mbili. Unaingia joto likiwa bado linapanda, na hita za chini ziko nyekundu zinaitazama trei ana kwa ana. Chini inaungua kwa mwangaza wa hita kabla hewa ya oveni haijafika popote.

Volti_Mtaa

Sasa si uweke tu themostati yenye tofauti ndogo ya kuwasha na kuzima? Hiyo yako inawasha ikishuka 8. Kuna za digrii 2.

Koleo_Jekundu

Ya bei niliyoweka ya pili ilikuwa ya digrii 3. Alfajiri ilifika 254, umesoma hapo juu. Kupasha kwa kwanza hakujali tofauti hiyo, hita zimewaka mfululizo nusu saa, zimejaa. Baadaye ilisaidia kidogo kwa sababu ilikuwa inawasha na kuzima haraka haraka, hita hazijai. Lakini kontakta ilikuwa inagonga ta, ta, ta mchana kutwa, baada ya wiki nikakuta ncha zake zimeungua weusi. Nikaitoa.

Nilichofanya mwishoni ni hiki. Ile siku ya kupasha kwa hita tatu, kabla sijazirudisha, niliona kwamba ilikata kwenye 223 na kilele kikawa 231 tu. Jibu lilikuwa limekaa mbele yangu. Shida ni kwamba hita tatu peke yake haziwezi kuamsha oveni alfajiri, inachukua zaidi ya saa moja na nusu, na mikate ikiingia zinalemewa.

Kwa hiyo nikatumia ile themostati ya pili niliyomrudishia hela. Nikagawa hita makundi mawili, kila kundi kontakta yake. Kundi la kwanza linaongozwa na ile themostati mpya ya kwanza kwa 220. Kundi la pili linaongozwa na hiyo nyingine, nimeifunga kwenye 195 na kuificha ndani ya boksi mtu asiiguse. Alfajiri zinawaka zote sita. Ikifika 195 tatu zinazima, na digrii 25 zinazobaki ndizo zinameza ule moto wao wa akiba, wakati tatu zilizobaki zinapandisha taratibu. Mikate ikiingia na mlango ukifunguliwa, joto linashuka chini ya 195, zote sita zinarudi kusaidia.

Jumatatu asubuhi saa kumi na nusu nilikuwa pale na daftari. Taa ilizima kwenye 222. Kilele 230. Chini ilishuka hadi 208. Mama akaingiza trei taa ilipozima tu, kama alivyozoea zamani. Mkate wa kwanza aliuvunja mwenyewe, akaugeuza chini, akaupitishia kidole.

Fundi_Tairi

Umeongeza dakika ngapi kwenye kupasha alfajiri?

Koleo_Jekundu

Zamani taa ilikuwa inazima kwa dakika 32, sasa 38. Lakini kwa namna ya @MamaBoflo ya kusubiri taa ya pili ingekuwa karibu dakika 50, na uniti zinaenda bure.

Mzee_Tanuri

Kazi safi. Swali moja: zile tatu zinazobaki zikiwaka baada ya 195, ni zipi? Za juu au za chini?

Koleo_Jekundu

Hapo ndipo sijatulia mzee. Nataka moja kwa kila fezi ili mzigo uwe sawa, na kwa jinsi zilivyofungwa nikapata mbili za chini na moja ya juu. Mkupuo wa kwanza sasa chini ni kahawia safi, ila mgongo wa mkate umepauka kidogo. Mama hajalalamika, wateja hawajalalamika, mimi ndiye ninaona.

Volti_Mtaa

Geuza. Mbili juu, moja chini.

MamaBoflo

Usigeuze. Mkate wa chini mbichi haufichiki, wa juu uliopauka unapaka yai.

Mzee_Tanuri

Mama anasema kweli kwa biashara. Kwa upimaji, weka ncha ya kipimajoto chako ndani ya mkate wenyewe, si hewani, uone wa pembeni na wa katikati. Oveni ya kuchomelea haina joto moja, unaweza kukuta unapigania mgongo wa trei moja tu iliyo chini ya hita iliyozimwa.

Koleo_Jekundu

Sikuwahi kupima ndani ya mkate. Jumapili wanafunga mapema, nitawaomba unga wa trei moja.

BintiWaKilindini

Fundi amekuja kupima, ni unyevu kweli. Sasa naona kwenye hita zangu imeandikwa 2000W na ni nene. Nitaanza na 190.